Umewasha hali ya ndegeni, mbona Wi-Fi bado inawaka?

Abiria anayepanda ndege ndogo katika Uwanja wa Ndege wa Tanga kwenda Pemba au Unguja huketi hatua chache tu nyuma ya rubani. Kabla injini haijawashwa huambiwa azime simu au aiweke katika hali ya ndegeni. Anagusa alama ya ndege, inawaka, anaitia simu mfukoni akiamini imenyamaza kabisa. Kumbe mara nyingi Wi-Fi au Bluetooth bado inafanya kazi. Simu haijaharibika wala abiria hakukosea kugusa. Ndivyo simu nyingi za siku hizi zilivyotengenezwa, na ukiujua utaratibu wake unaweza kuirudisha katika ukimya unaoutaka.

Simu moja ina redio kadhaa ndani yake. Kubwa kuliko zote ni ile inayozungumza na minara ya mtandao. Kwenye mtandao wa zamani wa 2G, redio hiyo inaweza kurusha mawimbi yenye nguvu ya hadi wati 2, tena kwa mapigo yapatayo 217 kila sekunde. Mapigo hayo ndiyo ule mngurumo tuliouzoea simu ikiwekwa karibu na spika ya redio muda mfupi kabla haijaita. Rubani aliyevaa visikilizio anaweza kuusikia mngurumo uleule masikioni mwake, wakati anasikiliza maelekezo ya waongozaji wa ndege. Isitoshe, simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ili isikike, na katikati ya mkondo wa Pemba minara yote iko mbali. Kwa hiyo redio ya mtandao ndiyo shabaha ya kwanza ya hali ya ndegeni, na kwenye simu nzima hiyo huzimwa bila masharti.

Wi-Fi na Bluetooth ni ndugu wadogo. Wi-Fi ya simu kwa kawaida haizidi sehemu moja ya kumi ya wati, na Bluetooth inayopeleka sauti kwenye visikilizio vya masikioni huwa chini ya hapo sana. Mwaka 2013 mamlaka za anga za Marekani na Ulaya zililegeza masharti ya vifaa vya abiria, na ndege nyingi kubwa sasa zina Wi-Fi yake ndani. Watengenezaji wa simu wakaona abiria anawasha hali ya ndegeni, kisha papo hapo anaiwasha tena Wi-Fi ya ndege au visikilizio vyake. Wakaamua simu ikumbuke matakwa yake. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayowachanganya watu.

Tuchukue mfano wa mama mfanyabiashara wa Tanga mwenye simu ya Android ya miaka ya karibuni. Nyumbani hutumia bando, Wi-Fi ameizima. Anasafiri kutoka Dar es Salaam kwenda nje ya nchi kwa ndege kubwa, anawasha hali ya ndegeni, na wakiwa angani anaiwasha Wi-Fi ili aingie kwenye mtandao wa ndege. Ndani ya simu yake, hali ya Wi-Fi huandikwa kwa namba moja. 0 maana yake imezimwa. 1 maana yake imewashwa. 2 maana yake imewashwa na mwenye simu ingawa hali ya ndegeni inafanya kazi. 3 maana yake ilikuwa imewashwa, ila hali ya ndegeni imeizima kwa muda.

Mama huyu alipanda ndege akiwa na 0. Alipowasha Wi-Fi angani, namba ikawa 2. Ndege ikatua, akaondoa hali ya ndegeni, na hapo simu haikurudi kwenye 0 aliyoanza nayo. Imeandika 1, kwa sababu kwake 2 ni amri ya mtu, na amri ya mtu huendelea. Basi Wi-Fi imebaki imewashwa tangu siku ile bila yeye kujua. Huenda akaja kugundua baadaye, atakapokaa mahali penye Wi-Fi dhaifu ambayo simu inaikumbuka: simu hujishikiza pale, na ujumbe wake hauendi ingawa bando lipo.

Hiyo ni athari ya kwanza. Ya pili inakuja safari inayofuata. Katika simu hizi za karibuni kuna alama nyingine ya kumbukumbu, inayosema: "mwenye simu hupenda Wi-Fi ibaki akiwa ndegeni." Alama hiyo iliwekwa siku ile alipowasha Wi-Fi angani. Mwezi mmoja baadaye yuko Tanga, anapanda ndege ndogo isiyo na Wi-Fi yoyote, anagusa alama ya ndege. Simu inakuta Wi-Fi imewashwa na alama ya kumbukumbu ipo, basi inaiacha ikiwaka. Redio ya minara imezimwa sawasawa, lakini Wi-Fi inaendelea kutafuta mtandao njia nzima.

Bluetooth nayo ina kumbukumbu ya namna hiyo, na juu yake kuna sababu nyingine. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, ikiwa visikilizio au kifaa cha kusaidia usikivu kimeunganishwa wakati unawasha hali ya ndegeni, Bluetooth haizimwi, hata kama hujawahi kuiwasha angani. Lengo ni sauti isikatike ghafla masikioni. Kwenye iPhone jambo hili limekwenda mbali zaidi: hali ya ndegeni huzima redio nyingine na kuiacha Bluetooth, mpaka wewe mwenyewe uizime ukiwa ndani ya hali hiyo. Ukishafanya hivyo mara moja, itakumbuka safari nyingine.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa lenyewe ni la mpangilio tu. Mtu anazima Wi-Fi kwanza, kisha anawasha hali ya ndegeni, halafu anadhani amemaliza. Kwa safari hiyo moja ni kweli Wi-Fi itakuwa imezimwa. Lakini kumbukumbu haikuguswa, kwa sababu simu hujifunza kutokana na unachofanya ukiwa ndani ya hali ya ndegeni peke yake. Siku atakaposahau kuzima kwanza, mambo yatarudi palepale.

Mpangilio unaofaa ni huu, na ufanye nyumbani kabla ya siku ya safari. Tenganisha kwanza visikilizio na saa ya mkononi. Washa Wi-Fi na Bluetooth zote mbili, ndiyo, ziwashe, ili jaribio liwe la kweli. Sasa washa hali ya ndegeni. Vuta pazia la juu utazame: kilichobaki kinawaka, kizime hapohapo huku alama ya ndege ikiwa bado ipo. Subiri sekunde chache, ondoa hali ya ndegeni, ziwashe tena Wi-Fi na Bluetooth, kisha irudie hali ya ndegeni. Safari hii zote mbili zinapaswa kuzimika zenyewe. Zikizimika, kumbukumbu imefutika. Bluetooth ikibaki peke yake kwenye Android, tazama kama kuna kifaa kilichojiunganisha chenyewe, maana visikilizio vingi hujiunga mara kasha lake linapofunguka.

Ujue pia kwamba ukiizima Wi-Fi ukiwa ndani ya hali ya ndegeni, namba yake inakuwa 0, na haitarudi yenyewe utakapotua. Utaiwasha kwa mkono. Isipoguswa kabisa, na simu ikaizima yenyewe, inabaki kwenye 3, na baada ya kutua inawaka bila kuombwa. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya watu wawili wenye simu za aina moja wabishane, kila mmoja akisema ya mwenzake imeharibika.

Wenye iPhone wawe waangalifu na jambo moja zaidi. Ukiwa nje ya hali ya ndegeni, kugusa alama ya Wi-Fi au Bluetooth kwenye paneli ya kuvuta hakuzimi redio. Kunakata tu muunganisho, na saa 11 alfajiri ya siku inayofuata simu huanza kujiunganisha tena. Alama ikiwa imefifia bila mstari, redio bado iko hai. Ikiwa imekatwa na mstari, imezimwa kweli. Kuzima kwa hakika, ingia kwenye Settings, chagua Wi-Fi au Bluetooth, na uzime kitufe kilicho humo.

Mafundi simu, wa Ngamiani na kwingineko, wanaoletewa malalamiko haya wanaweza kuisoma namba yenyewe bila kubahatisha. Simu ya Android iunganishwe na kompyuta kwa waya, ruhusa ya USB debugging ikiwa imewashwa, kisha iandikwe amri hii:

```
adb shell settings get global wifi_on
adb shell settings get global bluetooth_on
```

Kwa Wi-Fi, jibu la 2 wakati hali ya ndegeni inafanya kazi linaonyesha kwamba simu inafuata matakwa ya mwenyewe, na hakuna cha kutengeneza. Kwa Bluetooth, 2 haina maana hiyo: inaonyesha tu kwamba ilikuwa imewashwa hali ya ndegeni ilipoanza, wala haithibitishi kwamba bado inawaka. Fundi asikimbilie kuirudisha simu katika hali ya kiwandani na kumpotezea mteja picha zake kwa jambo linalorekebishwa kwa kugusa mara moja. Baadhi ya watengenezaji hubadilisha programu zao, kwa hiyo jaribio la kuwasha na kutazama, kama tulivyoeleza juu, lifanyike hata baada ya kusoma namba.

Vifaa vingine havimo katika hesabu hii kabisa. Saa ya mkononi ina redio yake na kitufe chake cha ndege. Usitegemee kwamba cha simu kitaizima. Simu ya pili iliyosahauliwa ndani ya begi ni hivyohivyo, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu redio yake ya minara iko hai. GPS, kwa upande wake, inapokea mawimbi tu na hairushi chochote, kwa hiyo ramani ikiendelea kukuonyesha uko juu ya bahari si dalili kwamba hali ya ndegeni imeshindwa.

Tofauti ya mwisho ni ile ya ndege yenyewe. Kwenye ndege kubwa ambayo wahudumu wametangaza kwamba Wi-Fi na visikilizio vinaruhusiwa, kuziacha zikiwaka baada ya kuwasha hali ya ndegeni hakuna tatizo. Kwenye ndege ndogo ya kwenda visiwani hakuna mtandao wa kuunganishwa nao, na Wi-Fi inayowaka inakula chaji bure. Rubani akisema zimeni simu, hakusema hali ya ndegeni: bonyeza kitufe cha pembeni, na kwenye simu nyingi za siku hizi pamoja na kimoja cha sauti, mpaka skrini iulize, chagua kuzima, na usiiwashe tena mpaka ndege isimame na uambiwe unaweza.