Risiti Moja ya Mgahawa, Jumla Tatu: Ipi Inadaiwa Kazini?

Mlo wa kazi ukiisha, mezani hubaki karatasi mbili. Ya kwanza ni risiti ya mgahawa, ndefu, yenye kila sahani na kila kinywaji, kisha ada ya huduma, kodi na jumla. Ya pili ni kijikaratasi cha mashine ya kadi: kina jumla tu na, katika migahawa mingine, nafasi tupu ya kujaza bakshishi kwa kalamu. Wengi wanaoomba kurejeshewa fedha huambatisha ya pili na kuitupa ya kwanza, kwa kuwa ya pili ndiyo yenye saini yao. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la kukagua madai ya namna hii, na kijikaratasi hicho kikija peke yake hunisaidia kidogo sana. Kinaonyesha kwamba fedha imelipwa. Imelipia nini, hakisemi.

Tuchukue risiti moja tuifuate mstari kwa mstari. Namba nitaziandika bila jina la fedha, maana hesabu ni ile ile popote.

Ofisa mauzo amekula mchana na wateja wawili wakijadili kuongeza muda wa mkataba. Kabla hawajaondoka, akaagiza pia chakula cha kubeba kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake, kikaingizwa kwenye bili hiyo hiyo. Risiti ikatoka hivi:

Chakula na vinywaji vya mezani: 6,400
Chakula cha kubeba: 1,600
Ada ya huduma (10%): 800
Kodi (15%): 1,320
Jumla: 10,120

Kwenye kijikaratasi cha kadi akaandika bakshishi 500, kwa hiyo kadi yake ikakatwa 10,620.

Tuanze na lililo wazi. Chakula cha kubeba si cha kazi, na ofisa huyu hakukificha. Alikizungushia kalamu mwenyewe na kuandika pembeni "binafsi". Kisha akatoa 1,600 kwenye 10,120 na kudai 8,520, pamoja na bakshishi yote. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la watu waaminifu. Ada ya huduma na kodi hazina maisha yake zenyewe, ni mikia ya chakula. Ukimwondoa mnyama, huwezi kuubakiza mkia wake kwenye dai.

Kujua mkia wa nani ni upi, jaribu hesabu za risiti yenyewe. Ada ya 800 ni asilimia 10 ya 8,000, yaani ya mezani na ya kubeba kwa pamoja. Kama mgahawa ungetoza ada kwa chakula cha mezani tu, mstari huo ungesomeka 640, na kusingekuwa na cha kupunguza hapo. Kodi nayo, 1,320, ni asilimia 15 ya 8,800. Maana yake ada ya huduma imetozwa kodi pia. Kwa hiyo chakula cha nyumbani kilichoandikwa 1,600 kimevuta nyuma yake ada ya 160, na kodi ya 264 juu ya vyote viwili. Gharama yake halisi ni 2,024. Sehemu ya kazi kwenye risiti ni 8,096, si 8,520. Tofauti ya 424 si kubwa, lakini dai la mwezi mzima lenye milo kumi ya aina hiyo hulifanya jambo liwe la kujieleza mbele ya mkaguzi.

Tuje kwenye ada ya huduma na bakshishi, kwa sababu hapa ndipo watu huchanganya zaidi. Majina hayasaidii: kuna risiti zinazoita ada ya lazima "bakshishi", na zipo zinazoandika "huduma" mbele ya kiasi ambacho mteja angeweza kukikataa. Kinachotenganisha viwili hivi ni uhuru wa mlipaji. Mamlaka ya kodi ya Marekani, katika uamuzi wake wa 2012, iliorodhesha mambo manne yanayoifanya malipo yawe bakshishi: mteja hakulazimishwa, kiasi amekipanga mwenyewe bila kizuizi, kiasi hicho hakikutokana na mapatano wala amri ya mwenye mgahawa, na kwa kawaida mteja ana haki ya kuamua nani apokee. Likikosekana mojawapo, malipo huanza kuonekana kama ada ya huduma. Uingereza nako mstari hupita papo hapo kwa upande wa kodi ya ongezeko la thamani: ada ya lazima hutozwa kodi pamoja na chakula, bakshishi ya hiari haitozwi.

Kwa mdai, tofauti hii ina matokeo mawili. La kwanza, ada ya lazima ni sehemu ya bei, hivyo huthibitishwa na risiti yenyewe na haihitaji maelezo. Bakshishi haipo kwenye risiti. Iko kwenye kijikaratasi cha kadi, na ndiyo maana karatasi zote mbili zinatakiwa. La pili, usitafute kodi ndani ya bakshishi ya hiari. Nimeona majedwali ambamo mtu alichukua 10,620 yote akaikokotolea kodi, kana kwamba ile 500 nayo ilipita kwenye mashine ya risiti.

Halafu kuna swali la kiasi. Ofisa wetu alikuwa ameshalipa ada ya huduma, kisha akaongeza bakshishi. Hakuna ubaya kwa mhudumu, ila je, mwajiri ailipe? Hili huamuliwa na kanuni za ofisi, na zile zilizoandikwa vizuri huweka kikomo kwa ada na bakshishi vikijumlishwa, si kwa bakshishi peke yake. Tuseme kikomo ni asilimia 15 ya chakula cha kazi kabla ya kodi. Asilimia 15 ya 6,400 ni 960. Ada ya huduma ya sehemu ya kazi imekwisha kula 640, imebaki nafasi ya 320. Katika ile bakshishi ya 500, moja ya tano, yaani 100, tunaiacha na chakula cha nyumbani, kwa kuwa 1,600 ni moja ya tano ya 8,000. 80 nyingine inavuka kikomo. Zote mbili ni za mfuko wake.

Kwa hiyo dai ni 8,096 kujumlisha 320, sawa na 8,416. Zilizobaki, 2,204, ni zake: 2,024 za chakula cha nyumbani na 180 za bakshishi. Ukizijumlisha unapata 10,620, ile ile iliyokatwa kwenye kadi. Dai lisilorudi kwenye namba ya kadi kwa njia hii lina kitu kimekosewa, hata kama bado hujakiona.

Sasa mstari wa kodi. Katika mfano wetu kodi imeongezwa juu, lakini risiti nyingi huandika bei ambazo tayari zina kodi ndani, kisha chini kabisa hutaja kiasi cha kodi kwa taarifa tu. Utajua kwa kujumlisha vyakula na ada ya huduma. Jumlisho likilingana na jumla ya mwisho, kodi imo ndani, na ukiiongeza tena utakuwa umeidai mara mbili. Ukihitaji kuitoa, usizidishe jumla kwa asilimia ya kodi. Kwa kodi ya asilimia 15, tumia hii:

```
kodi = jumla × 15 / 115
```

Kwa 10,120 unapata 1,320. Anayezidisha kwa asilimia 15 moja kwa moja anapata 1,518, na 198 za ziada hazikuwahi kulipwa kwa mtu yeyote kama kodi.

Kwa nini mtu ahangaike kuitenga? Kwa sababu madai haya hupita kwenye vichujio viwili. Cha kwanza ni cha mwajiri: je, mfanyakazi alipwe? Kwake yeye 8,416 hurudi pamoja na kodi iliyomo, maana aliilipa kutoka mfukoni. Cha pili ni cha mamlaka ya kodi, na hicho hakimhusu mfanyakazi, kinamhusu mwajiri. Kama sheria inaruhusu kampuni kurejeshewa kodi ya ongezeko la thamani kwenye mlo huo, na risiti inakidhi masharti ya ankara ya kodi, basi 1,056 (kodi ya sehemu ya kazi) huenda upande wa kodi ya kudai na gharama inayoingia vitabuni ni 7,360. Nchi kadhaa hazirejeshi kodi kwenye chakula cha kukirimu wateja. Hapo 1,056 hubaki ndani ya gharama ya mlo. Kodi ya mauzo ya mtindo wa Marekani hairejeshwi kabisa, hivyo daima ni sehemu ya bei.

Hata gharama ikishaingia vitabuni, si lazima yote ipunguze faida inayotozwa kodi. Marekani, kanuni ya kawaida ni nusu ya gharama ya mlo wa kazi, na kodi na bakshishi huhesabiwa ndani ya gharama hiyo kabla ya kugawa. Kwa risiti yetu ni 4,208. Uingereza, gharama ya kukirimu wateja kwa kawaida haipunguzi chochote. Mfanyakazi akisikia mhasibu akisema "hii haikubaliki kwenye kodi", asidhani amenyimwa fedha yake. Ni vichujio viwili, kila kimoja na matundu yake.

Yote haya yanasimama juu ya maneno machache ambayo risiti haina: nani walikuwepo, wa kampuni gani, na walizungumza nini. Ofisa wetu aliandika majina ya wateja wawili na maneno "kuongeza muda wa mkataba" siku ile ile. Bila hayo, 6,400 ni chakula cha mchana tu cha watu watatu wasiojulikana. Risiti nyingi huchapwa kwenye karatasi ya joto, na maandishi yake hufifia ukiiacha kwenye gari au pochi. Piga picha papo hapo, karatasi zote mbili, na maelezo yako yaonekane. Bakshishi ukiiacha kwa fedha taslimu, iandike kwenye risiti hiyo pamoja na tarehe, halafu uliza kama ofisi yako inakubali bakshishi isiyo na kijikaratasi. Nyingine hazikubali.

Jambo la mwisho huwapata wanaodai kwa kufuata taarifa ya kadi badala ya risiti. Pale bakshishi inapoandikwa kwa kalamu, mgahawa kwanza huomba kibali cha benki kwa 10,120, na kiasi hicho huonekana kwenye simu kikiwa kimezuiwa. Siku moja au chache baadaye malipo kamili ya 10,620 hupita na kile cha kwanza hutoweka. Aliyepiga picha ya simu siku ya kwanza na nyingine wiki iliyofuata atakuwa na ushahidi wa milo miwili, na mlo ulikuwa mmoja.