Mimea haisubiri usiku ndo ipumue

Juzi mpwa wangu wa kidato cha pili kaja na karatasi ya mtihani amenuna, swali la kweli au si kweli: "Mimea hupumua usiku tu." Yeye kaandika si kweli, kapigwa mkasi. Mimi nimeshaisikia hii kauli barazani, nimeisikia kwa wazee wanaokataza mtu kulala chini ya mkungu usiku ati mti utamnyima hewa, nimeisikia mpaka kwa watu wamesoma wakamaliza, lakini kuiona imewekewa alama nyekundu ndo nikasema hapana, hii leo niiandike.

Maana yenyewe ni fupi. Huko kupumua, yaani respiresheni, ni seli kuchoma sukari ili ipate nguvu ya kufanya kazi. Inatumia oksijeni, inatoa kabonidayoksaidi na maji, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika ndani ya mitokondria. Seli ya mmea inazo mitokondria kama seli yako wewe. Usanisinuru ni kitu kingine, huo ni wa kutengeneza hiyo sukari, na huo ndo unaohitaji mwanga. Basi.

Sasa tabu inaanzia kwenye neno. Kwa Kiswahili respiresheni tunaiita kupumua, na kupumua kwetu ni kazi ya kifua, yaani pumzi inaingia pumzi inatoka, ndo maana hata pumu ni ugonjwa wa kifua na zamani neno hilohilo lilikuwa ni pafu lenyewe. Halafu kutoka hapohapo kwenye pumzi tukapata pumzika. Mtu akitua mzigo anapumua, akikaa chini anapumzika, ni ukoo mmoja huo. Kwa hivo ukimwambia mtoto wa Kiswahili kwamba mmea mchana unafanya kazi ya kupika chakula na usiku unapumua, kichwani kwake hata hashtuki, maana yake kasikia mchana kazi usiku mapumziko, kama binadamu vile. Inaingia akilini vizuri sana na ni makosa matupu. Kule kuchoma sukari si mapumziko, na mmea hauna kifua. Hewa inapita yenyewe kwenye vitundu vya jani na vya gome, polepole, hakuna anayeivuta.

Na kuna jina jingine linaloharibu, hili nalo linanikera zaidi kwa sababu limetoka kwenye vitabu vyenyewe. Usanisinuru una hatua mbili, na ile ya pili imeitwa hatua ya giza. Waliita hivyo kwa kuwa haitumii mwanga moja kwa moja, si kwa kuwa inasubiri magharibi iingie. Kwa kawaida inafanyika mchanamchana, inatumia vitu vilivyotengenezwa na hatua ya kwanza dakika hiyohiyo. Mwanafunzi akisoma "giza" anaandika usiku, akiandika usiku anakumbuka kupumua, na hapo mambo matatu yameshakuwa moja.

Lakini tuwe wa haki, kuna sababu ya kweli inayofanya watu waone hivyo. Chukua dau kuukuu, mbao zimeachana kidogo, kalafati imekauka. Linavuja saa zote. Mchana kuna kijana ameshika upo anafua maji, yaani anayachota anayamwaga nje, na anafua haraka kuliko yanavyoingia, ukichungulia ngamani unaona pakavu. Usiku kijana kalala, asubuhi maji yamefika kwenye magoti. Sasa aje mtu aseme dau hili linavuja usiku tu! Kuvuja ndo respiresheni inayotoa kabonidayoksaidi, na kufua ndo usanisinuru unaoitumia. Mchana kwenye mwanga wa kutosha jani linaitumia ile inayotoka ndani yake na haitoshi, linavuta na ya nje, (hapo mfano wa dau unakatika, hakuna mtu wa kufua mpaka maji ya bahari). Ukipima hewa iliyozunguka jani unapata hesabu ya mwisho tu, kilichoingia ukitoa kilichotoka. Alfajiri na jioni kuna wakati viwili hivyo vinalingana kabisa, ukipima utadhani jani limekufa.

Daktari mmoja Mholanzi, Jan Ingenhousz, alilipima hili mwaka 1779 huko Uingereza. Aliona majani kwenye jua yanaisafisha hewa na gizani yanaichafua, na kauli ya usiku ikaanza safari yake hapo. Lakini mzee wa watu hata hakusema hivo peke yake! Aliandika pia kwamba maua yanachafua hewa usiku na mchana sawasawa. Yaani sehemu za mmea zisizo na rangi ya kijani, ambazo hazina klorofili ya kufanyia usanisinuru, hazina kijana wa kufua maji, kuvuja kwake kunaonekana saa zote. Watu wakachukua nusu ya habari.

Mpwa akaniambia, "Mjomba, maneno matupu hayanirudishii alama." Sawa. Tukafanya.

Lamu chokaa si shida. Nikaomba kwa fundi ile chokaa laini aliyoiweka ndani ya maji, maana ile iliyokaa wazi kwenye gunia muda mrefu imeshakula kabonidayoksaidi ya hewani na haifai tena. Kijiko kimoja kwenye lita ya maji, ukatingisha chupa, ukaifunika, ukaiacha itulie usiku kucha, asubuhi ukachuja maji ya juu kwa kitambaa mpaka yakawa maangavu kama ya kunywa (usinywe, na usijipanguse macho). Hayo ndo maji ya chokaa, yakikutana na kabonidayoksaidi yanageuka kama tui. Tukachukua pojo zilizorowekwa zikaanza kutoa kimzizi, bado hazina jani hata moja, nusu tukazichemsha zikafa. Kila fungu likaingia kwenye chupa yake ya kioo yenye mdomo mpana, katikati tukasimamisha kigilasi cha maji ya chokaa, tukafunga kifuniko kwa nguvu.

Mara ya kwanza tuliharibu. Nilizipandisha darini juani kabisa nionyeshe kwamba ni mchana kweli, chupa imefungwa, jua la saa sita, pojo hai nazo zikaiva zikawa sawa na zile za kuchemsha. Siku ya pili tukaweka barazani penye mwanga bila jua kali, kuanzia saa tatu asubuhi. Ilipofika saa saba kigilasi cha pojo hai kilikuwa kimepauka huwezi kuona kidole upande wa pili, na cha pojo zilizochemshwa kilikuwa bado kinaangaza, utando mwembamba tu juu. Huo utando ni wa hewa iliyokuwemo tangu mwanzo, ndo maana ukiwa na chupa moja tu huna jibu. Na zile zilizochemshwa usiziache mpaka kesho, zitaoza, na vijidudu vya uozo navyo vinapumua, utapata tui huku pia ushindwe kueleza.

Mpwa akatazama, akasema haya, lakini hiyo ni mbegu, mbegu haifanyi usanisinuru, wao wanasema majani. Nikafurahi, huyo ndo mtu wa kumsomesha. Jani la kijani kwenye mwanga huwezi kulikamata kwa maji ya chokaa, kwa sababu ileile ya dau. Waliolikamata ni wanasayansi wa miaka ya 1950, walitumia oksijeni nzito, 18O. Oksijeni ambayo usanisinuru unatoa inatokana na maji, kwa hivo ukiweka ile nzito hewani na maji yakabaki ya kawaida, inayotoka na inayoingia zinatofautiana uzito, unazihesabu mbalimbali. Na kwenye mwanga ile nzito ilikuwa inaingia. Kweli kuchoma sukari ndani ya jani hupungua kiasi kwenye mwanga ukilinganisha na gizani, hilo sikatai, lakini kupungua na kusimama ni mambo mawili. Na mizizi na shina hata kupungua huko hakuwahusu, hao wanafuata joto. Kwa kawaida joto likipanda digrii 10 kasi inakaribia kuwa maradufu, sasa niambie hapa Lamu joto ni la saa nane mchana au la saa nane usiku.

Jioni tukashuka ukingoni maji yamekupwa. Mchu, aina ya mkoko, umeotesha ile mizizi yake kama penseli, mamia, imesimama kwenye tope. Tope lile halina hewa, ukilichimbua linanuka yai bovu, kwa hivo mzizi wa chini unaletewa oksijeni na hizi penseli kupitia vitundu vidogo kwenye ngozi yake. Maji yakijaa vitundu vimezibwa, mzizi unaendelea kuila oksijeni iliyobaki ndani, shinikizo linashuka, na maji yakipwa tu hewa mpya inavutwa ndani. Maji hayajui usiku wala mchana, yanakupwa mara mbili kila siku na kila siku yanachelewa karibu dakika 50, wiki hii kupwa ni jioni, wiki ijayo ni saa nyingine. Hapo nikamwonyesha tofauti niliyokuwa naitafuta tangu mwanzo: hewa kuingia kwenye ule mzizi kuna saa yake, na saa hiyo ni ya bahari, lakini kuila ile hewa hakuna saa, hata maji yakiwa juu ya penseli kwa kimo cha mtu.

Nimemwambia asiende kubishana na mwalimu wake. Arudi na karatasi kwa adabu, pale penye "usiku tu" aonyeshe kwamba neno la kufuta ni "tu", na la kuongeza ni "na mchana". Akiulizwa mbona basi mchana hatuioni hiyo kabonidayoksaidi, aseme jani limeshaifua.