Arbuni, amana na saa 6 usiku: dhana potofu kuhusu masharti ya kughairi chumba

Nasimamia nyumba ndogo ya wageni Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Masharti yetu ya kughairi yapo kwa Kiswahili, Kiingereza, Kiitaliano, Kifaransa na Kijerumani. Karibu kila mzozo wa pesa niliowahi kuwa nao na mgeni ulianzia kwenye sentensi niliyoiandika mwenyewe.

Dhana: Sharti lenye adabu lazima lianze na "tunaomba".

Kwetu, "tunaomba mghairi siku 14 kabla" ni amri iliyovaa kanzu, na kila mtu anaielewa. Ikitafsiriwa neno kwa neno, Mjerumani anasoma ombi, na ombi mtu anaweza kulikataa. Maneno kama "kwa kawaida" na "huenda" yana hatari ileile, maana msomaji anaona kuna mlango wa kujadiliana.

Ukweli ni kwamba adabu hukaa kwenye mpangilio na kwenye sababu. Tangulia kutaja anachopata mgeni, fuata na asichopata, kisha eleza kwa nini. Kitenzi kiwe wazi: "hayarudishwi". Pole nyingi hazisaidii. Moja inatosha, na mahali pake ni kwenye barua ya kumjibu aliyeghairi.

Dhana: "Deposit" ni neno moja, kila lugha ina lake.

Hapa ndipo palinigharimu. Kiswahili kinatofautisha vizuri: arbuni ni pesa ya kushikia kitu unachokinunua, amana ni pesa uliyowekewa uitunze na kuirudisha. Neno la Kiingereza "deposit" hubeba zote mbili. Kwa hiyo mfasiri anaweza kukuandikia Kijerumani *Kaution*, ambayo ni amana ya dhamana, na mgeni akasubiri arudishiwe siku ya kuondoka. Unachotaka ni *Anzahlung*, malipo ya awali.

Kiitaliano na Kifaransa vina mtego mwingine. *Caparra* na *arrhes* ni ndugu wa arbuni yetu, asili yao moja ya Kisemiti, lakini katika sheria za kwao zina uzito. Kifungu cha 1385 cha Kanuni ya Madai ya Italia kinasema mtoa *caparra* akivunja ahadi anaipoteza, na mpokeaji akivunja, anaweza kudaiwa mara mbili. *Arrhes* ziko hivyohivyo: mgeni akijitoa anaziacha, mwenyeji akijitoa anarudisha maradufu. *Acompte* ni sehemu ya bei tu, na pande zote mbili zimefungwa na mkataba.

Mwaka mmoja tuliuza chumba kimoja mara mbili kwa makosa. Mgeni wa Kiitaliano alikuwa amelipa dola 120, na karatasi yetu ilisema *caparra*. Akadai 240. Sikubishana naye sheria ya nchi gani inatumika. Neno nililiweka mimi, nikalipa. Sasa chini ya jina lolote la malipo naandika sentensi nzima: nani akighairi, nani anapata kiasi gani.

Dhana: "Siku 14 kabla ya kuwasili" inajieleza.

Chukua usiku 4 kwa dola 60, jumla 240, nusu imelipwa, kuwasili tarehe 20 Agosti. Siku 14 nyuma ni tarehe 6 Agosti. Mgeni wa New York anaandika tarehe 6, saa 4 usiku kwake. Zanzibar ni saa 11 alfajiri ya tarehe 7. Amechelewa au hajachelewa? Kama karatasi haisemi saa za wapi, nampa haki yeye.

Kisha kuna saa yetu ya Kiswahili. Mfasiri asiyetujua huifanya "saa 6 usiku" kuwa saa kumi na mbili jioni, na anamnyang'anya mgeni saa sita nzima. Hata ikitafsiriwa sawasawa, saa sita ya usiku ni ya siku inayokwisha au inayoanza? Mimi naandika 23:59. Mwezi nauandika kwa herufi pia, kwa kuwa 06/08 kwa Mmarekani ni Juni 8. Na usimwachie mgeni kuhesabu: kila uthibitisho wa buking uwe na tarehe yenyewe.

Haya ndiyo maneno tunayompa mfasiri sasa:

"Ukighairi kwa barua pepe hadi tarehe 6 Agosti, saa 23:59 za Zanzibar, tutakurudishia dola zote 120. Kuanzia tarehe 7 Agosti malipo haya ya awali hayarudishwi, kwa sababu chumba tumekizuia kwa ajili yako na muda wa kukiuza tena ni mfupi. Sisi tukighairi, tutakurudishia dola zote 120. Pesa hurudi kwenye kadi au akaunti ileile iliyolipa, na ada ya benki ya kutuma tunalipa sisi."

Ada ya benki niliiongeza mwisho, baada ya mgeni kupokea pungufu na kuniuliza, kwa heshima kabisa, zilizobaki zimekwenda wapi.