Posti Iliyopangwa Jana Haijui Habari za Usiku wa Leo

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu katika umoja wa vyama vya akiba na mikopo, kuhusu matangazo ya vyama hivyo, yamebadilika. Zamani wanachama walilalamikia riba na makato. Siku hizi wengi hutuletea picha ya skrini: tangazo la furaha lililotoka asubuhi ambayo mkoa mzima ulikuwa unasubiri majina ya waliokufa. Msimu wa sikukuu unakaribia, na vyama vingi vimeanza kupanga posti za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Hakuna ubaya katika kupanga mapema. Shida iko kwenye zile saa kati ya kuidhinisha posti na posti kutoka, kwa sababu ndizo saa ambazo hakuna anayeiangalia.

Tuchukue usiku mmoja ambao Uganda nzima inaukumbuka. Jumatano ya tarehe 22 Oktoba 2025, muda mfupi baada ya saa sita usiku, mabasi mawili na magari mengine mawili yalihusika katika ajali kubwa kwenye barabara ya Kampala–Gulu, wilayani Kiryandongo. Tuseme kuna chama cha akiba na mikopo mjini Masindi. Hiki ni chama cha mfano tu, lakini ratiba yake inafanana na ya wengi wenu. Jumanne saa kumi jioni afisa masoko anaandaa posti ya mikopo ya vyombo vya usafiri: picha ya basi jipya, na maneno “Safari njema huanza na mkopo mwema. Panda nasi leo!” Meneja anapitia vichwa vya habari vya jioni, haoni tatizo, anaidhinisha saa kumi na moja. Posti inapangiwa kutoka Jumatano saa moja asubuhi. Ofisi inafunguliwa saa mbili.

Hesabuni wenyewe. Ajali ilitokea zaidi ya saa saba baada ya meneja kumaliza ukaguzi wake. Posti ingetoka saa nzima kabla ya mfanyakazi wa kwanza kufika kazini, mbele ya wanachama walioamkia redio na simu kuuliza kama ndugu yao alikuwa ndani ya basi. Meneja huyo hakuzembea; alikagua kwa wakati usiofaa. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba kuidhinisha posti na kuikagua dhidi ya habari ni kazi mbili tofauti. Kuidhinisha mnaweza kufanya hata wiki moja kabla. Ukaguzi wa habari hufanyika nusu saa kabla ya posti ya kwanza ya siku, na hurudiwa kabla ya kila posti inayofuata.

Anayekagua awe mtu mmoja mwenye zamu, jina lake limeandikwa, na awe na uwezo wa kusimamisha posti bila kumwomba mtu ruhusa. Hapa ndipo vyama vingi hukwama. Kijana wa zamu anaiona habari saa kumi na mbili na nusu, anampigia meneja, meneja yuko bafuni au barabarani, na saa moja inapita. Ruhusa ya kusimamisha itolewe mapema, kwa maandishi. Ruhusa ya kuirudisha posti ndiyo ibaki kwa meneja. Na kama ukurasa wenu wa Facebook unaendeshwa na wakala aliye nje ya nchi, kwa kuwa mtandao huo ulifungwa hapa Januari 2021, mtu wa zamu awe na namba ya simu ya wakala huyo inayopokelewa alfajiri, maana barua pepe itasomwa jua likiwa limeshapanda.

Asome nini? Siyo kila kitu. Inatosha kusikiliza taarifa ya habari ya redio ya eneo lenu, kuangalia kurasa za Polisi ya Uganda na Shirika la Msalaba Mwekundu la Uganda, kisha gazeti moja la kitaifa mtandaoni. Redio ya eneo ina uzito wake. Maporomoko ya Bududa au Bulambuli hujulikana Mbale kabla hayajawa kichwa cha habari Kampala, na wanachama wenu wako huko mlimani.

Baada ya hapo airudie posti yenyewe, picha na maneno, kana kwamba ndiyo kwanza amepata habari ile. Posti ya chama chetu cha Masindi ina matatizo matatu: basi kwenye picha, “safari njema”, na “panda nasi leo”. Inasimamishwa bila mjadala. Lakini msitafute neno moja tu linalolingana na kichwa cha habari, maana mgongano mwingine umejificha. Januari 2013 nchini Uingereza, siku ambazo maduka ya Tesco yalikuwa kwenye kashfa ya nyama ya farasi kukutwa kwenye baga zilizoitwa za nyama ya ng'ombe, akaunti yao iliwaaga wateja usiku kwa msemo wa Kiingereza wa kwenda kulala unaotaja nyasi kavu, chakula cha farasi. Neno farasi halikuwemo, na watu waliielewa kuwa ni dhihaka. Kampuni iliomba radhi na kueleza kuwa ujumbe ulikuwa umepangwa kabla ya habari kutoka.

Maelezo hayo hayo, kwamba ni mtambo uliotuma, ndiyo tunayoletewa karibu kila wiki, na niseme wazi kwamba hayasaidii kitu. Mtambo ulitumwa na mtu. Aliyefiwa na kaka yake hana haja ya kujua mlipanga posti siku gani. Na wanaosema “tuliifuta baada ya dakika kumi” wajue kwamba malalamiko yote tunayopokea yana picha ya skrini. Kufuta ni lazima, lakini kufuta hakufungi faili.

Kuhusu faili lenyewe, utaratibu ni huu. Tukipokea lalamiko tunakiandikia chama husika, nacho kina siku tatu za kazi kujibu. Jibu liambatane na nakala ya posti yenye saa iliyotoka, jina la aliyeidhinisha na saa aliyoidhinisha, jina la mtu wa zamu siku hiyo, na daftari la ukaguzi linaloonyesha alichosoma na saa aliyosoma. Daftari ni ukurasa mmoja wenye safu nne. La mkono linakubalika. Kosa la kwanza huleta barua ya onyo. La pili ndani ya miezi 12 huleta sharti la kuleta ratiba yenu kwetu kila Ijumaa kwa robo mwaka. La tatu, chama huondolewa haki ya kutumia nembo ya umoja kwenye matangazo kwa siku 90. Chama kisicho na daftari huhesabiwa hakikukagua, hata kama kinaapa kilikagua. Kwa chama kilichokagua kwa wakati, habari ikazuka baada ya posti kutoka, na kikaiondoa mara kilipojua, faili hufungwa bila onyo. Hatumwadhibu mtu kwa jambo ambalo hakuwa na namna ya kulijua.

Nirudi kwenye usimamishaji. Kwenye X, posti zilizopangwa zinaonekana ukifungua sehemu ya kuandika, ukabonyeza “Drafts” kisha “Scheduled”. Za Facebook na Instagram ziko kwenye “Planner” ya Meta Business Suite. Posti ikishakuwa na shaka, ibadilishie tarehe isogee mbele kabisa, au irudishe iwe rasimu. Usiifute, maana utaihitaji. Halafu nenda kwenye matangazo ya kulipia. Haya yana mahali pake tofauti, na kusimamisha ratiba ya ukurasa hakuyagusi. Tangazo la basi lililolipiwa siku saba litaendelea kuzunguka huku ukurasa wenu umenyamaza. Mwisho uliza kuhusu SMS za jumla. SMS ikishaondoka hairudi, kwa hiyo mwenye zamu aijue saa yake kabla ya zote.

Kosa la saa nalo limetuletea mafaili mengi kuliko nilivyotarajia. Afisa anamwambia mwenzake apange posti “saa moja”, mwenzake anaandika 1:00 AM, na posti inatoka saa saba usiku watu wote wamelala. Kuna pia akaunti zilizofunguliwa zikabaki na saa za Marekani, na posti inatoka hata saa kumi nje ya wakati. Kwenye fomu andikeni namna zote mbili: saa moja asubuhi, 07:00, saa za Afrika Mashariki. Na msipange posti yoyote ya biashara kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, labda kama kuna mtu macho. Hili linahusu hasa usiku wa kuamkia mwaka mpya. Tarehe 1 Januari 2023 watu kadhaa, wengi wao vijana na watoto, walikufa katika msongamano kwenye jengo la Freedom City, barabara ya Entebbe, walipokwenda kutazama fataki. Salamu za “tumeuanza mwaka kwa kishindo” zilizopangwa tangu Krismasi zingewafikia wafiwa wakiwa mochari.

Si kila kitu kisimamishwe. Taarifa kwamba tawi litafungwa kesho, au kwamba mtandao wa malipo umeharibika, itoke kwa lugha kavu, bila picha ya mtu anayecheka. Kumbukumbu za marejesho ziendelee kwa wanachama wa mbali, lakini kwa wilaya iliyofikwa na msiba zichujwe zisubiri.

Mkiamua kutuma rambirambi, zitoke peke yake: bila bidhaa, bila namba ya kuombea mkopo, na bila idadi ya waliokufa. Katika ajali ile ya Kiryandongo polisi walitangaza kwanza watu 63, baadaye wakasahihisha kuwa 46, wakieleza kwamba baadhi ya waliokutwa wamepoteza fahamu walihesabiwa miongoni mwa waliokufa. Chama kilichonakili 63 kwenye rambirambi kilikuwa kimetangaza kifo cha mtu aliye hai hospitalini.

Tunaulizwa mno: turudi lini kwenye matangazo ya kawaida? Hakuna idadi ya siku. Angalieni kama miili bado inatambuliwa na kama mazishi yanaendelea katika eneo lenu. Sikilizeni pia redio ya hapo. Ikirudi kwenye vipindi na matangazo yake ya kila siku, posti za kawaida zinaweza kurudi. Chama cha Masindi kitachelewa kuliko cha Mbarara, na ni sawa. Posti ya basi yenyewe isubiri zaidi ya zote, na ikirudi irudi na picha nyingine na maneno mengine, ikiwa imeidhinishwa upya na kuandikwa upya kwenye daftari.