Mmefuta chembe, mmefuta na piko

Wiki iliyopita kijana mmoja anayepiga picha za harusi hapa Mtwara alinitumia picha ya mikono ya bibi arusi, kaipiga usiku kule Mikindani. "Kaka, hii nimeisafisha, chembe hakuna hata moja." Kweli, ule mchanga unaotapakaa kwenye picha za mwanga hafifu haupo. Na piko nayo haipo. Ile mistari membamba kama uzi imeungana ikawa ukungu mweusi juu ya vidole, na ngozi inang'aa kama beseni la plastiki. Nimechoka kuziona picha za namna hii. Picha safi siyo ile isiyo na chembe. Picha safi ni ile ambayo kilichokuwepo bado kipo.

Nikamwomba faili la RAW, lile ghafi lililotoka kwenye kamera. ISO 6400, shata 1/125, f/2.8, balbu za njano. Kabla hamjailaumu ISO: angepiga kwa ISO 1600, shata na tundu la lenzi vilevile, halafu akaipandisha mwanga mara nne kwenye kompyuta, chembe zingekuwa zilezile au zaidi. Kilichopungua ni mwanga uliofika kwenye sensa. Tuendelee.

Ikuze hadi 100%. Utaona madudu mawili tofauti, na kosa la wengi ni kuyatibu kwa dawa moja. Kuna madoa ya rangi, zambarau na kijani, yamejibanza kwenye vivuli. Halafu kuna chembe zenyewe, mchanga wa weusi na weupe ulioenea picha nzima.

Madoa ya rangi yaondoe bila huruma nyingi. Balbu ya njano ina buluu kidogo sana, kwa hiyo ili shela jeupe lionekane jeupe, buluu lazima ikuzwe, na uchafu wake unakuzwa nao. Jicho letu ni zito kwenye rangi za vitu vidogo, linategemea zaidi mwanga na giza. Ndiyo maana kwenye Lightroom, programu ninayosafishia picha, nilipeleka Color kutoka 25 hadi 45, na Smoothness 70 kwa ajili ya doa lililobaki chini ya mkono wa gauni, na piko haikuguswa. Cha kuangalia ni ushanga na nyuzi za rangi. Bangili yake ilikuwa na shanga ndogo nyekundu. Shanga zikianza kupauka, au wekundu ukivuja kwenye ngozi, umezidisha.

Sasa Luminance, kitelezi cha kulainisha ule mchanga wa weusi na weupe, ambako ndiko mnakoharibu. Programu inalinganisha kila pikseli na jirani zake. Tofauti ikiwa ndogo inadhani ni chembe, inailainisha. Piko nyeusi juu ya ngozi ya kahawia, kwenye mwanga hafifu, tofauti yake ni ndogo hivyohivyo. Programu haijui harusi wala piko. Ukivuta hadi 100 unaiamuru ifute vyote.

Mimi huanza na 0 nikipanda tano tano, macho yangu yako kwenye mstari mwembamba kuliko yote, siyo kwenye chembe. Hapa ulikuwa ule uliozunguka kucha ya kidole cha shahada. Kwenye 25 mchanga ulilainika. Kwenye 35 mstari ukaanza kukatika. Nikarudi 25, Detail nikaiweka 60. Ukuta wa nyuma hauna cha kupoteza, huo peke yake niliupaka brashi na kupandisha Noise, ambayo hapo hupunguza chembe.

Kijana alijaribu kurudisha mistari kwa kunoa, Sharpening 120. Mstari uliofutwa hauamshwi kwa kunoa, utanenepesha kingo za ukungu tu. Nilinoa 40, Radius 0.8, kisha nikashika Alt huku navuta Masking. Skrini inageuka nyeusi na nyeupe, na kinachonolewa ni cheupe tu. Nilisimama 60, ngozi ilipokuwa nyeusi na piko bado nyeupe. Ukiiacha 0 unanoa chembe zilezile ulizotoka kuzipunguza.

Nikiri pia kwamba usoni sina uhakika kama huu. Kwa ISO 6400 vinyweleo na chembe vinafanana mno, na mara kadhaa nimefuta vinyweleo vya kweli, nikagundua asubuhi macho yakiwa yamepumzika. Siku hizi sipeleki kazi ya usiku kabla ya kuiangalia tena kesho yake.

Kijana akauliza, "Lakini kaka, mbona chembe bado naziona?" Anaziona kwa sababu amekuza 100%. Faili lina pikseli 6000 kwa upana. Mteja anataka karatasi ya sentimita 30, na kwa nukta 300 kwa inchi hiyo inahitaji kama 3,540 tu. Picha ikipunguzwa hivyo, pikseli jirani zinachanganywa na mchanga unazama wenyewe. Nikaichapa nikampa ashike. Chembe hakuziona, na ule mstari wa piko akaufuata kwa ukucha hadi mwisho wa kidole.