Mzee aliyefupika na kushikwa na mgongo ghafla hajateguka

Kitengo chetu cha mifupa hapa Pemba kimekuwa kikipokea malalamiko kwamba wazee wanaoumwa mgongo hupewa vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani bila ya kupigwa picha. Baadhi ya malalamiko hayo yana haki, na watendaji wenzangu wameshakumbushwa. Hata hivyo, ni lazima isemwe pia kwamba wazee wengi hutufikia wakiwa tayari wamekandwa kwa wiki mbili au tatu.

Bibi mmoja wa miaka 71 kutoka Wilaya ya Micheweni aliinama kunyanyua ndoo ya maji isiyojaa, akashikwa na maumivu makali katikati ya mgongo, usawa wa mbavu za mwisho. Akisimama yalizidi, akilala yalipungua. Binti yake alitueleza, "Mama kateguka tu, mkandaji keshakuja mara tatu." Nilipomsimamisha bibi huyo niliona dera lake linaburuza chini, na binti akakiri kwamba madera yote ya mama yamekuwa marefu siku hizi. Kadi yake ya kliniki ya presha, ya miaka sita nyuma, ilionesha kimo cha sentimita 158. Tulimpima tena bila ya viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele, tukapata 151.

Mtu aliyepungua zaidi ya sentimita 4 tangu ujana wake, au zaidi ya 2 baina ya vipimo viwili vya kliniki, anahitaji picha ya uti wa mgongo. Kupungua kiasi hicho si uzee tu, na naomba kauli hiyo tuiache.

Mifupa inapopoteza uimara wake, hali ambayo madaktari huiita osteoporosisi, pingili ya mgongo inaweza kubonyea upande wa mbele kwa uzito mdogo tu, mithili ya dumu tupu lililokanyagwa upande mmoja. Huo ni mvunjiko. Hakuna kilichohama mahali pake, kwa hiyo hakuna cha kurudishwa, na mkono unaokandamiza hapo unaweza kuibonyeza pingili zaidi.

Picha inayofaa ni eksirei ya ubavuni, inayoonesha mgongo wa kifua na wa kiuno. Barua ya rufaa itaje kimo cha zamani, kimo cha sasa na siku maumivu yalipoanza, kwa sababu bila ya maelezo hayo mpiga picha huweza kupiga kiuno peke yake na mvunjiko ulio juu zaidi ukabaki nje ya picha. Ya bibi huyu ilionesha pingili ya 12 ya kifua imebonyea, mahali pale pale alipoumia tulipomgonga kwa kidole, na pia ya 8, ambayo hakumbuki kuumwa nayo kamwe. Takriban theluthi mbili ya mivunjiko hii hupita bila ya kutambuliwa. Picha ya siku za mwanzo inaweza kuonekana salama, na maumivu yakiendelea hurudiwa baada ya wiki moja au mbili.

Damu nayo hupimwa, kwani kifua kikuu na saratani pia huvunja pingili. Mgonjwa mwenye homa, anayekonda, anayeumwa usiku hata akilala, aliyelegea miguu au aliyeshindwa kuzuia mkojo afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi alipewa parasetamoli na mapumziko ya siku chache, si wiki, kwa kuwa kulala sana huzidi kuidhoofisha mifupa. Aliambiwa asiiname kunyanyua kitu, na aswali akiwa amekaa kwenye kiti. Maumivu kwa kawaida hupungua baina ya wiki 6 na 12, na hapo ndipo familia nyingi huacha kuja, wakati takriban mwanamke mmoja kati ya watano huvunjika pingili nyengine ndani ya mwaka mmoja. Maziwa na vidonge vya kalsiamu peke yake havitoshi kuzuia hilo.

Baada ya kuthibitisha kwamba figo na koo lake ni nzima, tulimwanzishia alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, miligramu 70 mara moja kwa wiki. Kidonge hiki humezwa kizima, tumbo likiwa tupu, kwa gilasi nzima ya maji matupu, na mgonjwa hukaa wima kwa nusu saa bila ya kula, kulala wala kuinama, kwa sababu kikikwama huunguza koo. Bibi aliuliza kuhusu Ramadhani. Tulikubaliana akimeze kwa maji akiamka, nusu saa kabla ya kula daku.

Tulimuuliza pia dawa alizokuwa akitumia, akatoa mkobani vidonge vya maungio visivyo na lebo. Baadhi ya vidonge vya namna hiyo huwa na steroidi ndani yake, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe, nazo zikitumiwa kwa miezi mitatu au zaidi hudhoofisha mifupa. Kuuza dawa ya cheti bila ya cheti ni kosa, na taarifa hupelekwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Lakini mzee aliyezitumia muda mrefu asiziache ghafla nyumbani, bali aje nazo, kwani hupunguzwa kidogo kidogo.

Sasa bibi hupimwa kimo kila miezi sita. Mara ya mwisho ilikuwa 151 ile ile.