Kwa nini kazi ikienda vizuri hofu haiondoki?

"Nilikuwa karani wa forodha Malaba, sasa nimeajiriwa Kampala kusimamia makarani wenzangu. Sikudanganya chochote kwenye maombi. Mbona kila siku naona kama nitagunduliwa kwamba sifai?"

Pole sana, dada. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliieleza hali hii mwaka 1978, baada ya kufanya kazi na wanawake zaidi ya 150 waliofaulu sana katika masomo na kazi. Baadaye ilionekana kwa wanaume pia. Si ugonjwa. Inachipuka kutokana na namna mtu anavyojieleza kwa nini amefaulu.

Tuseme mteja ameleta kontena la vipuri vya magari. Kwa hofu unakagua ankara, orodha ya mizigo na hati ya usafirishaji mara nne, unatoka ofisini saa tatu usiku. Tamko la forodha linapita URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, bila hoja yoyote. Moyo haukuambii kwamba unaijua kazi. Unakuambia limepita kwa sababu ulilikagua mara nne. Na lingepita bila maandalizi hayo, ungesema ni bahati. Kwa vyovyote, ushahidi haukuhesabiwa, na faili linalofuata linaikuta hofu palepale.

Cheo kipya huizidisha. Karani hupata jibu upesi: faili limekubaliwa au limerudishwa. Msimamizi anayegawa kazi na kutuliza wateja huweza kungoja miezi kabla ya kujua kama alifanya vyema, na katika ukimya huo hofu hujijibia yenyewe.

Lakini usiseme kila wasiwasi ni hisia tu. Pengo la kweli unaweza kulitaja: "Sijawahi kupanga bei ya huduma zetu." Hilo linafundishika wiki hii, muulize anayelijua. Matamko yakirudishwa mara kwa mara kwa kosa lilelile, tuseme msimbo wa ushuru usio sahihi, hapo tatizo ni ujuzi. Ila "sistahili" haikuonyeshi cha kujifunza.

Ili kuijaribu hofu, chagua bidhaa unazozifahamu vizuri, kamwe si ngeni. Kabla ya kuwasilisha tamko, andika unatarajia hoja ngapi, kisha kagua mara mbili badala ya nne. Likipita, andika tena. Baada ya mafaili kadhaa, lile dai la "mara nne" halina pa kushika.

Tena, Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, kinachoweza kuongezwa hadi miezi 6 mingine ukikubali. Ni muda wa kupimwa, na wewe una haki ya kuuliza kipimo. Mwombe bosi wako akuandikie mambo matatu atakayoyaangalia mwishoni, na mkutane katikati ya kipindi hicho myapitie moja moja.